Senti moja ya Round Off na VAT isiyolingana na ya wakala

Swali: "Jamani, mkaguzi amenirudishia ankara ya 2022 niliyomwandikia wakala wa nje. Ni chakula cha mchana siku 7, dola 8.45 kwa siku, kila siku mstari wake, VAT asilimia 15. ERPNext inasema VAT ni 8.87, wakala anasema 8.89. Na kwenye leja kuna senti moja imeingia akaunti ya Round Off. Niifute kwa Journal Entry?"

Usiifute, ndugu yangu. Hapo umechanganya mambo mawili, na hiyo senti moja ndiyo isiyo na kosa lolote.

Tuanze na VAT. Asilimia 15 ya 8.45 ni 1.2675. Mfumo wa wakala unakadiria kila mstari peke yake: 1.27 mara saba, 8.89. ERPNext kwa kawaida inaacha desimali zote mpaka mwisho, ndipo inakadiria mara moja: 59.15 mara 0.15 ni 8.8725, basi 8.87. Hakuna aliyekosea hesabu, mmetofautiana pa kukadiria tu. Ukitaka kufuata njia ya wakala, fungua Accounts Settings uwashe Round Tax Amount Row-wise. Odoo nayo ina chaguo hilo hilo, Round per Line au Round Globally. Kubalianeni mapema, kisha msibadilishe katikati ya mwaka. Hizo senti mbili za dola usizitupe Round Off ili mlingane, kwa sababu VAT unayoipeleka ZRA lazima iwe ile iliyoandikwa kwenye ankara.

Sasa senti ya shilingi. Nimechukua kiwango cha 2,331.47 kwa dola (weka chako). Jumla yako ni dola 68.02, kwa hiyo wakala anadaiwa 158,586.59. VAT ni 20,680.14. Mapato lakini hayabadilishwi kwa mkupuo: kila mstari wa 8.45 unageuzwa kuwa shilingi na kukadiriwa peke yake, 19,700.92, na saba yake ni 137,906.44. Laiti 59.15 ingegeuzwa nzima, ingetoka 137,906.45. Debiti inaizidi krediti kwa senti moja, na leja haikubali hata senti, ndipo mfumo unaiandika kwenye akaunti uliyoiweka kwenye Company, sehemu ya Round Off Account:

```
Debtors      158,586.59 Dr
Sales        137,906.44 Cr
VAT           20,680.14 Cr
Round Off          0.01 Cr
```

Ukiifuta hiyo ya mwisho, leja inabaki imepinda.

Utajuaje kwamba tofauti ni ya kukadiria kweli, si kosa lililojificha? Kila kukadiria hukosea nusu senti tu, juu au chini, si zaidi. Ankara yako ina makadirio tisa: mistari saba, VAT na jumla. Tisa mara 0.005 ni 0.045. Senti yako moja imo humo. Ikitokea shilingi nzima, tafuta kosa. ERPNext yenyewe ina mpaka: kwa ankara ikivuka nusu shilingi inakataa kabisa, na unaona "Debit and Credit not equal for".

Kwa nini nakuonya kuhusu Journal Entry? Kwa sababu mpaka huo haulindi kitu kinachopitishwa kwa mkono. Nilikuwa mhasibu wa hoteli moja upande wa Paje. Kufunga mwezi nikakuta Round Off ina karibu shilingi elfu 70. Ankara zetu za dola mwezi ule zilikuwa kama 60, kila moja na mistari isiyozidi saba. Sasa piga: 60 mara 0.045 ni shilingi 2 na senti 70, na hiyo ni endapo zote zingekosea upande mmoja, jambo ambalo halitokei kwani nyingine hupanda na nyingine hushuka. Elfu 70 ilitoka wapi?

Nikafungua General Ledger ya akaunti ile, nikaipanga kwa aina ya hati. Za Sales Invoice zote zilikuwa senti moja, senti mbili, huku debiti huku krediti. Chini kabisa Journal Entry tatu, kila moja kama elfu 23. Mwenzangu alipokea malipo matatu ya wakala yaliyopungua dola 10 kila moja kwa makato ya benki ya njiani, akaona udogo wake, akayasukuma Round Off. Hakuwa na nia mbaya, alitaka deni la mteja lisome sifuri. Tuliyahamishia gharama za benki, na baada ya hapo tukaizuia akaunti ile isiguswe kwa mkono.

Kwa mkaguzi wako mpe leja ya Round Off ya mwaka mzima, pamoja na hesabu ya 0.045 hapo juu. Zile 8.87 na 8.89 mweleze kwa karatasi tofauti.