Rizista za asilimia moja: usihesabu bahati kabla ya kuangalia ukanda

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Moshi aliniandikia: "Kaka, kwa nini kwenye hesabu zako unajumlisha kosa la asilimia moja la rizista moja na la asilimia moja la nyingine unapata mbili? Sisi tulifundishwa kuzipandisha mraba, kujumlisha, halafu kutafuta kipeuo cha pili. Jibu ni 1.4. Wewe unawatisha wateja bure."

Hilo neno "unawatisha" nimelisikia kabla yake, na lilinigharimu kazi. Kwa hiyo mdogo wangu, kaa hapo, nitakujibu kwa kirefu.

Mteja wa upande wa Moshi alihitaji bodi 30 za kupima mkondo wa pampu za umwagiliaji. Shanti yake inatoa milivolti 75 mkondo ukifika ampea 50, na kompyuta ndogo ya kwenye bodi inataka volti 3. Maana yake ukuzaji wa 40. Opampu moja isiyogeuza alama inatosha: rizista ya 39k, ndiyo Rf, kutoka kwenye pato kurudi kwenye ingizo la hasi, na ya 1k, ndiyo Rg, kutoka hapo kwenda ardhini. Fomula kila fundi anaijua:

```
G = 1 + Rf/Rg = 1 + 39/1 = 40
```

Sharti la mteja: ukiiacha shanti pembeni, ukuzaji wa bodi yenyewe usikosee zaidi ya asilimia 1.5, na asiwepo mtu wa kuzungusha skrubu bodi moja moja.

Nikapiga hesabu ya hali mbaya kabisa. Rf iwe juu kwa asilimia moja, Rg iwe chini kwa asilimia moja: 1 + 39.39/0.99, yaani 40.79. Geuza, Rf chini na Rg juu: 39.23. Kwa hiyo bodi yoyote, mradi rizista ziko ndani ya ahadi ya kiwanda, itakaa kati ya hizo namba mbili. Ni karibu asilimia 2 kila upande, na sharti ni 1.5. Nikamwambia mteja wazi: kwa rizista hizi siwezi kukuahidi 1.5 bila kurekebisha. Ama tuagize za asilimia 0.1, ama tuache nafasi ya kurekebisha.

Mwenzangu mmoja wa hapa Arusha akaja na bei ya chini na hesabu ileile ya kijana wa Moshi. Kwamba ni nadra Rf iwe juu kabisa wakati huohuo Rg iko chini kabisa, kwa hiyo mtawanyiko halisi ni kama asilimia 1.4. Iko ndani ya 1.5, basi! Mimi nikaonekana mwoga, kazi ikaenda. Sikufurahi, na sitajifanya nilifurahi.

Tuwe waadilifu, hesabu ile si ya kijinga. Hata ukichukulia kwamba kila thamani kati ya chini na juu ina nafasi sawa ya kutokea, na Rf haina habari na Rg, ni kama bodi 5 tu katika 100 zitakazovuka 1.5. Katika 30, moja au mbili. Hizo unazipima, unazitenga, unabadilisha rizista, maisha yanaendelea. Tatizo si kipeuo cha pili. Tatizo ni yale maneno "haina habari na".

Baadaye mteja alinipigia. Bodi zote zinasoma juu. Si moja au mbili, zote.

Zilipofika mezani kwangu nilizipima kwa namna ambayo nakusihi uizoee: usiingize volti moja tu ukagawanya. Opampu za kawaida zina hitilafu yake ya milivolti kadhaa kwenye ingizo, na hiyo ikizidishwa mara 40 inakudanganya kuliko rizista. Ingiza milivolti 20, andika pato. Ingiza 70, andika pato. Toa moja kwa nyingine, gawanya kwa 50. Hitilafu ile inajifuta yenyewe. Tofauti ya pato ilitakiwa iwe volti 2.000. Bodi ya kwanza ilitoa 2.033. Ya pili karibu ileile. Zilikuwa zimesongamana kwenye 40.67, zikitofautiana kwa kama asilimia 0.2 tu, lakini kundi zima limehama kwa asilimia 1.7 kwenda juu.

Hapo ndipo ukae uangalie vizuri. Mtawanyiko ulikuwa mdogo kuliko hata ule wa kitakwimu, na bado hakuna bodi iliyofaulu. Mtu anayeangalia mtawanyiko peke yake angesema kazi safi.

Sababu ilikuwa kwenye mfuko wa masalia waliyonirudishia: ukanda mmoja wa 39k, zile za buluu zenye pete chungwa, nyeupe, nyeusi, nyekundu na kahawia, na ukanda mmoja wa 1k. Zote zilinunuliwa dukani siku moja, zimekatwa kwenye rili moja moja. Nikaazima mita ya mezani yenye tarakimu nyingi, maana mita ya mkononi yenyewe inaweza kukosea karibu asilimia moja, utapimaje asilimia moja kwa kitu hicho? Za 39k zilikuwa juu kwa asilimia 0.8, karibu zote. Za 1k zilikuwa chini kwa 0.9. Kila moja ni halali kabisa kwa ahadi ya kiwanda. Kiwanda hakikuahidi kwamba rili itakaa katikati ya 39k. Kiliahidi haitatoka nje ya mipaka.

Kwa hiyo wewe hujachota rizista 60 kutoka kwenye bahati 60. Umechota bahati mbili, moja kwa kila ukanda, na bodi zako zote zinazigawana. Na ukiunganisha hatua tatu za ukuzaji kwa kanda zilezile ndiyo mbaya zaidi: mhama wa hatua moja unajirudia kwenye zote tatu, unajumlishwa wima, haupungui kwa kipeuo chochote.

Dawa ilikuwa rahisi hadi inauma. Rizista ya megaomu 2.2 juu ya mgongo wa 39k, sambamba. Rf ikashuka kutoka 39.31k hadi 38.62k, ukuzaji ukawa 39.97. Na hiyo ya megaomu 2.2 inaweza kuwa ya asilimia 5 kabisa, ya bei ya karanga, kwa sababu kosa lake lote linahamisha ukuzaji kwa chini ya asilimia 0.1. Thamani moja ilitosha bodi zote 30, kwa vile zote zilikuwa zimehama pamoja.

Sasa mdogo wangu, kwenye bodi yako: weka pedi mbili tupu sambamba na Rf. Kama ukuzaji wako ni 2 tu, tulia, kwa sababu ile moja ya kwenye fomula haikosei na hali mbaya kabisa inashuka hadi kama asilimia 1. Kuanzia 10 kwenda juu hesabu karibu 2 kamili. Kabla ya kuchomelea pima rizista kumi za kila ukanda. Zikikaa katikati na kanda zako zimetoka rili tofauti tofauti, tumia hiyo 1.4 yako kwa amani, mimi mwenyewe huitumia. Zikiwa zimeegemea upande mmoja, hesabu yako ya kitakwimu ianzie pale zilipoegemea, si kwenye 39k iliyoandikwa kwa rangi.