Picha za chati zinapopingana: wapi hasa hawakubaliani?

Swali: Wanangu wamegombana kuhusu hela ya bati. Binti yuko Muscat, kaka yake yuko Tanga. Kila mmoja kanitumia picha za WhatsApp, na hata saa hazilingani. Nani anadanganya?

Jibu: Shikamoo mama. Picha nimezipitia zote, na la saa lisikusumbue. Muscat iko mbele ya Tanga kwa saa moja, na kila simu huonyesha saa za mahali ilipowekewa. Ujumbe wa binti, "Hiyo laki sita ni ya bati tu", kwake unasoma 20:14, kwa kaka yake 19:14. Ni ujumbe uleule. Nimeufanya nanga, halafu nikapunguza saa moja kwenye picha zote za binti na kuzipanga sambamba na za kaka.

Hapo pengo likaonekana. Picha ya kwanza ya binti inaishia kwenye ujumbe huo, ya pili inaanza 19:31, kaka anapojibu "Sawa". Dakika 17 hazipo. Kwa kaka zipo: 19:22 anauliza, "Bati zimepanda, nichukue kwenye ya mbao?" Binti anajibu, "Fanya unavyoona". Kwa hiyo ruhusa ilitolewa, na binti aliikata.

Lakini tazama vizuri kiputo hicho cha "Fanya unavyoona". Hakina saa. WhatsApp huweka saa chini kabisa ya kiputo, pembeni kulia, kwa hiyo saa isipoonekana ujue kiputo kimekatwa na huenda maneno yamebaki chini. Na kweli yamebaki. Ile "Sawa" ya 19:31, kwenye picha ya binti mwenyewe, imenukuu ujumbe uliojibiwa: "Fanya unavyoona, ila nijulishe kwanza". (Watu hukata ujumbe wakasahau nukuu yake. Mimi huanza kuangalia hapo.)

Kwa hiyo kila mmoja ameficha nusu, na nusu zote mbili ni za kweli. Ruhusa ilikuwepo, na sharti lilikuwepo. Kinachobaki ni kimoja: je, kaka alimjulisha kabla ya kununua? Yeye anasema alipiga simu. Picha yake ya mwisho ina simu aliyompigia binti kesho yake saa 10:05 asubuhi, haikupokelewa. Hilo chati haiwezi kulimaliza. Mwombe risiti ya EFD ya duka la bati, kwa kuwa huchapwa tarehe na saa. Kama inaonyesha kabla ya 10:05, alinunua kwanza ndipo akapiga. Kama ni baada, alijaribu, na mnachobishania ni kama simu isiyopokelewa ni kujulisha.

Picha zaidi usizipokee. Wapigie video mmoja mmoja, kila mtu apandishe chati kwa kidole ukiangalia. Tahadhari moja: ujumbe ambao mtu ameufuta kwenye simu yake tu hauachi alama yoyote, kwa hiyo lazima uone simu zote mbili.