Tangawizi kwanza, hiliki mwisho

Swali la wiki: “Nikitia tangawizi kwenye chai ya maziwa, maziwa hukatika. Nakosea wapi? Na hiliki nayo hutiwa lini?”

Mimi yalinikuta hapa Ngamiani, Tanga, siku wifi zangu walipokuja jioni bila taarifa. Mkaa ulikuwa unakaribia kuisha. Kwa haraka nikatia maji, maziwa na tangawizi mbichi niliyoitwanga muda huohuo, vyote katika sufuria moja, nikabandika. Moto ulikuwa hafifu, sufuria ikachukua muda mrefu kupata joto. Kabla haijachemka nikaona chembe nyeupe zinaelea na maji yamejitenga pembeni. Nikamlaumu muuza maziwa kimoyomoyo. Lakini yaliyobaki kwenye dumu niliyachemsha peke yake na yakatulia vizuri kabisa, kwa hiyo hakuwa na kosa.

Kosa lilikuwa la tangawizi. Ikiwa mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini ya maziwa, na hufanya kazi hasa maziwa yakiwa ya moto lakini hayajachemka. Moto wangu hafifu ulikipa muda wote kilioutaka. Jirani yangu hutia vyote pamoja na chai yake haikatiki, ila yeye ana jiko la gesi kali na tangawizi yake ni kipande kama ukucha.

Dawa yake ni kukiua kwa maji yanayochemka kabla maziwa hayajaingia. Kwa vikombe vinne, natwanga tangawizi ya urefu wa kidole gumba, naitia katika vikombe viwili vya maji, na kuiacha itokote dakika kumi. Maji yakipungua sana naongeza kidogo. Hapo natia majani ya chai vijiko viwili vidogo, kisha vikombe viwili vya maziwa. Hata yakiwa ya baridi hayana shida tena, kwa sababu tangawizi imeshaiva.

Hiliki ni kinyume chake. Harufu yake hupaa na mvuke, ukiichemsha tangu mwanzo jirani ndiye atakayeifaidi. Natwanga punje tano au sita pamoja na maganda yake, na chai ya maziwa ikipanda tu naitia, naepua, nafunika dakika tatu ndipo nachuja. Za kijani kutoka milima ya Amani zinanitosha hata nne.

Ila tangawizi isisingiziwe kila siku. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri yakashinda kwenye joto letu hili bila kuchemshwa huanza kuchachuka, na hayo yatakatika hata kwenye sufuria tupu. Ukiyashuku, chemsha kwanza upawa mmoja pembeni. Yakikatika, usiyatie kwenye chai.