Mbezi ipi?

"Namsomea mteja anwani kwenye simu, anajibu 'ndiyo', bado boda anapotea. Nakosea wapi?"

Ndugu, hiyo "ndiyo" ndiyo inayokuponza. Mteja mwenye haraka huitikia chochote. Nauza keki Dar, na niliwahi kupeleka ya "Mbezi" hadi Mbezi Beach kumbe mwenyewe yuko Mbezi Luis. Ilifika imeyeyuka, iliniuma sana. Siku hizi nikishasoma nauliza swali lisilojibika kwa ndiyo: "Boda apite Barabara ya Bagamoyo au ya Morogoro?" Kisha anitajie yeye kituo cha daladala na rangi ya geti. Namba ya nyumba naisoma tarakimu moja moja, maana tatu na tano huchanganyika mtandao ukikatakata. Mteja akisita kwenye swali la barabara, boda haondoki mpaka mteja atume lokesheni.