Mtambo wa barafu: mtaji unarudi lini hasa?

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mhasibu wa ushirika wa wavuvi huku Wete, na tunataka kununua mtambo wa barafu. Mpya ni shilingi milioni 120. Utatuingizia milioni 30 mwaka wa kwanza, kisha milioni 40 kila mwaka hadi mwaka wa 8, ila mwaka wa 6 kuna matengenezo makubwa ya milioni 22. Wa mtumba ni milioni 70. Utaingiza 30, 30, 15, kisha 5, na hapo umekwisha. Benki imetutajia asilimia 16 kwa mwaka. Kamati inautaka wa mtumba kwa kuwa unarejesha mtaji upesi. Chuoni tulifundishwa kwamba fedha za mbele lazima zipunguzwe thamani kwanza, kwa kuwa shilingi ya mwakani haifikii shilingi ya leo. Kama hesabu ya kawaida ina kasoro, kwa nini makampuni bado yanaitumia?

Jibu: Wa alaykum salaam, mhasibu mwenzangu. Kamati yako haikukosea kujumlisha. Mtumba unaingiza milioni 60 kwa miaka miwili, na milioni 10 zilizobaki zinapatikana ndani ya ule mwaka wa milioni 15, kwa hiyo ni miaka 2 na miezi 8. Mpya unafikisha milioni 110 kwa miaka mitatu, na 10 za mwisho ni robo ya mwaka wa nne: miaka 3 na miezi 3. Ukisimama hapo, mtumba umeshinda.

Sasa uchukue hiyo asilimia 16. Milioni 30 za mwishoni mwa mwaka wa kwanza ugawe kwa 1.16, za mwaka wa pili ugawe kwa 1.16 mara mbili, na kuendelea hivyo. Kwa mtumba unapata milioni 25.9, 22.3, 9.6 na 2.8. Jumla yake ni milioni 60.5. Umetoa 70, na mtambo umeshakufa. Kwa hesabu hii mtaji wake haurudi mwaka wa tatu wala wa nne. Haurudi kabisa, unabaki na pengo la milioni 9.5. Mpya unakupa 25.9, 29.7, 25.6, 22.1 na 19 kwa miaka mitano ya mwanzo, na milioni 120 zinatimia kiasi cha miezi kumi na nusu ndani ya mwaka wa tano.

Kwa hiyo chuo kimekufundisha vyema. Ila swali lako la mwisho ndilo lenye uzito, na jibu rahisi kwamba wakurugenzi hawajui hesabu si la kweli. Watafiti John Graham na Campbell Harvey waliwauliza wakuu wa fedha 392 huko Marekani na Kanada, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Kiasi cha asilimia 57 walisema hutumia muda wa kurejesha mtaji wa kawaida daima au karibu daima. Wanaotumia thamani halisi ya leo, yaani jumla ya fedha zote zilizopunguzwa ukitoa mtaji, walifika asilimia 75. Huo muda wa kurejesha mtaji uliopunguzwa thamani haukufika hata asilimia 30. Kilichoachwa na wengi, basi, ni kipimo hiki cha mwisho, kilicho katikati ya hivyo viwili vingine.

Nami naona wana sababu. Ili upate muda uliopunguzwa lazima uwe na kiwango cha kupunguzia na makisio ya kila mwaka. Ukishakuwa navyo, thamani halisi ya leo iko mbali nawe kwa mstari mmoja tu wa hesabu, na hiyo haifumbi macho baada ya mtaji kurudi. Mtambo wako mpya ukihesabiwa hadi mwaka wa 8, pamoja na matengenezo, unaacha kama milioni 36 juu ya mtaji kwa thamani ya leo. Muda uliopunguzwa hauwezi kukwambia hilo, kwa sababu unasimama mwaka wa tano. Ni kazi ya hesabu kamili kwa jibu la nusu. Mwenye kiwango huruka moja kwa moja hadi mwisho, na asiye nacho hubaki na ya kawaida.

Na wengi huku kwetu hawana kiwango. Ushirika unaotumia akiba za wanachama utapunguza kwa asilimia ngapi? Wengine wanapatiwa mtambo kwa murabaha, benki inaununua na kuwauzia kwa bei ya juu kidogo inayolipwa kwa awamu, na hawapendi kusikia asilimia yoyote ikitajwa mezani. Mimi huwaambia kiwango hiki si lazima kiwe riba ya mtu. Ni faida ambayo fedha hizo zingeleta mngeziweka kwenye biashara nyingine mnayoijua, iwe dagaa au karafuu. Lakini mkisharidhiana, msihesabu mara mbili. Ukipunguza kwa asilimia 16, usitoe tena marejesho ya benki kwenye mapato ya kila mwaka, wala usiweke bei ya murabaha kana kwamba yote mmeilipa siku ya kwanza. Hapa ndipo majedwali mengi ninayoletewa yanapoharibika, na mradi mzuri unaonekana mbovu.

Kuna sababu nyingine ambayo vitabu huipitia haraka. Hesabu ya kawaida inapima shilingi zenyewe zinazoingia kwenye droo. Fundi, shirika la umeme ZECO na benki hawalipwi kwa shilingi zilizopunguzwa thamani. Mwenyekiti anayeuliza fedha zitarudi lini anauliza ushirika utakaa hatarini muda gani, na kwa hilo miaka 3 na miezi 3 ni jibu sahihi. Makisio ya mbele nayo yana mipaka yake. Kuanzia Desemba 2009 Unguja ilikosa umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu. Mtu aliyepanga mradi mwaka mmoja kabla, desimali zake zote za mwaka wa pili zilikuwa hewa.

Tena, kuweka kikomo kifupi ni namna ya kupunguza thamani bila kusema. Kampuni inayosema "mtaji urudi ndani ya miaka mitatu" inadai faida kubwa kuliko inavyojua. Mtambo wa miaka 8 wenye mapato sawa kila mwaka, ukirejesha mtaji kwa miaka mitatu kamili, unaleta kama asilimia 29 kwa mwaka. Anayetaka asilimia 16 amepata na ziada, bila kugusa jedwali lolote.

Lakini kikomo hichohicho cha miaka mitatu, kwa mtambo unaoishi miaka minne tu, kinaridhika na chini ya asilimia 13. Umeona ubaya ulipo? Kikomo kimoja kwa mali zote kinavibana vitu vinavyodumu na kuvilegezea vinavyokufa mapema. Mtumba wenu umepita kwenye mlango huo. Haukupita kwa kuwa kamati haikupunguza thamani. Umepita kwa kuwa hakuna aliyeuliza utaishi miaka mingapi baada ya mtaji kurudi. Mtumba una mwaka mmoja na miezi minne mbele yake, na ndani yake mnavuna milioni 10 tu. Mpya una karibu miaka mitano.

Kwa miradi yenye mapato yanayolingana kila mwaka, njia zote mbili zinapanga miradi kwa mfuatano uleule. Ile iliyopunguzwa inarefusha muda tu. Kwenye Excel hata jedwali huhitaji. Mtambo wa milioni 120 unaoingiza 40 kila mwaka, kwa asilimia 16:

```
=NPER(16%,40,-120)
```

Itakupa 4.41, yaani miaka minne na miezi mitano, mahali pa miaka mitatu ya kawaida. Ukiona #NUM! usidhani umekosea kuandika. Maana yake mtaji haurudi hata mtambo uishi milele. Kwa asilimia 16 hilo hutokea pale muda wa kawaida unapofika miaka 6 na miezi 3, ambayo ni 1 gawanya kwa 0.16.

Mapato yenu hayalingani, na hapo ndipo sikushauri uitupe hesabu ya kupunguza. Ijaribu hivi: mtambo umechelewa bandarini, umeme wa njia tatu umechelewa kuvutwa, mwaka wa kwanza mmepata milioni 15 badala ya 30. Hesabu ya kawaida inasogea miezi minne na nusu tu, na kamati haitashtuka. Iliyopunguzwa inatoka miaka 4 na miezi kumi na nusu hadi zaidi ya miaka 6 na miezi miwili. Sababu ni kwamba mwaka wa tano sasa unaishia kwenye milioni 109 na kidogo, halafu unaingia mwaka wa matengenezo wenye milioni 18 tu. Hesabu ya kawaida haikuwahi kufika kwenye mwaka huo, kwa hiyo haikuuona.

Angalia pia saa inaanza kuhesabiwa lini. Muuzaji huanza siku mtambo unapowashwa. Wewe anza siku malipo ya awali yalipotoka. Na ile "robo ya mwaka wa nne" inadhani barafu inauzika sawasawa kila mwezi, jambo ambalo kwa wavuvi halipo. Mtambo ukiwashwa Desemba, miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka wa nne iko kwenye kaskazi na mtaji unarudi kama ilivyoandikwa. Ukiwashwa Mei, robo hiyo inaangukia kusi, vyombo vingi vimepandishwa pwani, na milioni 10 hizo huzioni hadi bahari itulie. Kwa mwaka wa mwisho wa kurejesha mtaji, panga mapato kwa mwezi.

Kwenye kikao ningepeleka mistari miwili kwa kila mtambo: muda wa kawaida, kwa ajili ya droo, na thamani halisi ya leo hadi mwisho wa maisha ya mtambo. Mpya: miaka 3 na miezi 3, ziada ya milioni 36. Mtumba: miaka 2 na miezi 8, pengo la milioni 9.5. Muda uliopunguzwa uweke kwenye karatasi yako mwenyewe, kwa majaribio ya ucheleweshaji kama lile la juu.

Na kabla ya kikao mwombe muuzaji picha ya kibandiko cha kompresa ya huo mtumba. Ikiwa gesi iliyoandikwa ni R-22, hiyo inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zinatakiwa ziwe zimepunguza kundi hilo la gesi kwa asilimia 97.5 ifikapo 2030. Ikivuja mwaka wa tatu, hata hizo milioni 15 sizioni.