Maswali na majibu: Bao la Daka lilituchukulia pointi ngapi?

Kwenye viwango vya FIFA vya timu za taifa, timu inatoka sare leo inapanda pointi, kesho inatoka sare inashuka. Hii hesabu ikoje?

Tangu Agosti 2018 FIFA huanza kwa kuuliza timu ilitarajiwa kupata nini. Ushindi unahesabiwa 1, sare 0.5, kufungwa 0. Matarajio nayo ni namba iliyo kati ya 0 na 1, inayotokana na pengo la pointi kati ya timu mbili kabla ya mechi. Mkilingana, kila mmoja anatarajiwa 0.5. Pengo likiwa 200, mkubwa anatarajiwa 0.68 na mdogo 0.32. Kwenye ulichopata unatoa ulichotarajiwa, unazidisha kwa uzito wa mechi, kisha unajumlisha na pointi ulizokuwa nazo:

```
P = Pbefore + I * (W - We)
```

P ni pointi zako mpya, Pbefore ni za kabla ya mechi, I ni uzito wa mechi, W ni ulichopata, We ni ulichotarajiwa. Kwa hiyo sare dhidi ya mkubwa inakuongezea, na sare dhidi ya mdogo inakupunguzia.

Ile sare yetu Tanzania na Zambia AFCON ya Ivory Coast ilitugharimu nini hasa?

Mechi ile bado inaniuma. San Pedro, Januari 21, 2024: Msuva anafunga dakika ya 11, Zambia wanabaki kumi kabla ya mapumziko, halafu dakika ya 88 Patson Daka anasawazisha kwa kichwa.

Hatua ya makundi ya AFCON ina uzito wa 35. Tuseme Zambia walikuwa juu yetu kwa pointi 200, ili hesabu iwe nyepesi. Tungeshinda, tungepata 1 toa 0.32, yaani 0.68, mara 35: pointi 23.8. Kwa sare tunapata 0.18 mara 35, pointi 6.3. Tofauti ni 17.5. Ukibadilisha lile pengo la 200 uweke lolote utakalo, tofauti inabaki 17.5 ileile, kwa sababu kutoka ushindi hadi sare ni nusu, na nusu ya 35 ni 17.5. Bao lilelile katika mechi ya kufuzu, yenye uzito wa 25, lingetuchukulia 12.5. Katika kirafiki cha kwenye kalenda ya FIFA, 5 tu.

Na zile 3-0 tulizofungwa na Morocco kwenye AFCON hiyohiyo? Si ndizo zilitushusha zaidi?

Hapana. Idadi ya mabao haihesabiwi kabisa, 3-0 na 1-0 ni kitu kimoja. Tena ukifungwa na aliyekuzidi pointi 500, ulitarajiwa 0.13 tu, hivyo unapoteza kama 4.5. Kwa pointi, dakika ya 88 ya Zambia ilikuwa na maumivu makubwa kuliko dakika zote 90 za Morocco.

Afrika Kusini waliitoa Morocco 2-0 hatua ya 16 bora. Kwa nini Morocco hawakukatwa pointi?

Kwa sababu katika hatua ya mtoano ya fainali za bara au Kombe la Dunia, hesabu ikitoka hasi inafutwa. Afrika Kusini walichukua zao, Morocco wakabaki na walizokuwa nazo. Naiona ni haki: aliyefika mtoano asiadhibiwe kuliko aliyetolewa mapema au aliyebaki nyumbani.

Matuta nayo yana namba zake. DR Kongo walipoitoa Misri kwa matuta hatua hiyohiyo ya 16 bora, kipa Mpasi akifunga tuta la mwisho, walihesabiwa 0.75 badala ya 1, na Misri 0.5 kama sare. Tukichukua pengo la 300, Kongo walitarajiwa 0.24, hivyo faida yao ni 0.51 mara 35, karibu 18. Wangemaliza kazi ndani ya dakika 120 wangepata karibu 27. Kuanzia robo fainali uzito wa AFCON unapanda hadi 40. Kombe la Dunia ni 50, na 60 kuanzia robo fainali.

Tukicheza kirafiki na timu ndogo nyingi si tutapanda haraka?

Mtapanda kwa kutambaa. Kirafiki ndani ya kalenda kina uzito wa 10, nje yake 5. Kumfunga uliyemzidi pointi 200 kunakupa 3.2, akikufunga unapoteza 6.8. Kipigo kimoja kinakula faida ya ushindi wa mara mbili.

Lakini usikimbie kirafiki kwa woga wa pointi. Kanuni ya zamani ilitumia wastani, na kirafiki kiliushusha hata ukishinda. Polandi waliviepuka kabla ya droo ya Kombe la Dunia la 2018 na wakaingia chungu cha kwanza. Sasa ushindi haupunguzi pointi, na kocha anayetaka kujaribu beki mpya dhidi ya timu ngumu anahatarisha pointi chache sana. Awaite wagumu; ukifungwa na aliyekuzidi 300, hasara ni 2.4.