Kuitoa Pistoni ya Breki Iliyokwama kwa Nguvu ya Pedeli

Kalipa ya kwanza, yaani kile kifaa chenye pistoni inayobana pedi za breki, niliyojaribu kuifungua niliiharibu kwa mkono wangu. Niliitenganisha na mpira wa breki unaoiletea mafuta, nikaifunga kwenye jiriwa, kisha nikaichokonoa pistoni kwa bisibisi hadi ncha ikateleza na kuacha mchirizi ndani ya silinda, ukikatiza mfereji wa sili. Pistoni mpya na sili mpya hazikusaidia kitu, kwa kuwa mafuta yaliendelea kuvuja kupitia mchirizi ule. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia pistoni yake imekwama, swali langu la kwanza ni kama mpira wa breki bado umefungwa kwenye kalipa. Kama umefungwa, ninamsihi asiufungue kwanza, kwa maana pedeli ndiyo itakayoisukuma pistoni nje.

Pistoni hukwama mara nyingi kwa sababu raba ya vumbi imepasuka, maji yakaingia, na kutu ikaota kwenye sehemu iliyo kati ya raba hiyo na sili. Hata hivyo, kabla ya kuilaumu pistoni, fungua kidogo skrubu ya kutolea upepo wakati gurudumu limebana. Likilegea mara mafuta yanapotoka, pistoni haina kosa: kuna shinikizo lililonaswa, na aghalabu ni mpira wa breki ulioziba kwa ndani.

Gari la mwisho nililolishughulikia lilikuwa na pistoni ya milimita 54 upande wa mbele. Kompresa ya hewa ya kawaida yenye bari 8 ingeisukuma pistoni hiyo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 190, ilhali pedeli ikileta bari 70 tu, nguvu hufika kama tani 1.6. Tena mafuta hayabanwi kama hewa, kwa hiyo pistoni inaposogea kidogo shinikizo hushuka papo hapo. Hewa iliyobanwa hutanuka, na inaweza kuirusha pistoni kwa kasi ya kuvunja vidole.

Gari likiwa juu ya stendi imara, niliondoa gurudumu, nikaivua kalipa na kutoa pedi zake, kisha nikaining'iniza kwa waya ili mpira usibebe uzito. Magurudumu mengine niliyaacha na pedi zake. Mbele ya pistoni niliweka kipande cha ubao chenye unene wa kama sentimita 2, ili pistoni izuiwe ingali imeshikwa na sili. Chini ya pedeli niliweka ubao mwingine, kwa maana pedeli ikizama hadi sakafuni, sili za masta silinda iliyozeeka, ile inayosukuma mafuta pedeli inapokanyagwa, hupita kwenye sehemu yenye kutu ambayo hazijaizoea, nazo huchanika. Mwenzangu alikanyaga taratibu na kushikilia, bila kupiga pedeli kwa kishindo, huku mimi nikiangalia ukingo wa raba na kuongeza mafuta kwenye chupa yake.

Mara tatu za kwanza haikutikisika. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kushika plaizi. Mimi nilifungua skrubu ya upepo, nikairudisha pistoni ndani kwa krampu kiasi kisichozidi milimita moja, nikafunga skrubu, tukakanyaga tena. Kwenda na kurudi huko huivunja kutu kidogo kidogo. Mara ya tano nilisikia mlio mkavu, na ukanda wa chuma wenye rangi ya kahawia ukajitokeza pembeni ya raba. Kuanzia hapo ilitoka kwa upole hadi ikagusa ubao. Baada ya kufungua mpira, niliimalizia kwa vidole.

Kalipa yenye pistoni mbili hutaka ile iliyo huru izuiwe kwa krampu, la sivyo mafuta yote yataisukuma hiyo na iliyokwama itabaki ilipo. Zile za nyuma zenye breki ya mkono ndani yake ni jambo jingine, kwani pistoni zake nyingi huzungushwa, na kuzilazimisha kwa krampu huvunja utaratibu wa ndani.

Sili ya zamani niliitoa kwa kijiti cha plastiki, kamwe si kwa chuma. Pistoni niliitupa, maana ilikuwa na vishimo vya kutu mahali sili inapopita. Silinda ilikuwa na madoa tu, nikayafuta kwa msasa laini sana uliolowa mafuta ya breki, kisha nikaisafisha kabisa. Nilipaka sili mpya mafuta mapya ya breki na kuisukuma pistoni mpya kwa vidole gumba viwili. Ikidai krampu wakati wa kuingia, itoe tena, kwa kuwa ama imeenda upande, ama sili imejikunja kwenye mfereji wake.